Benki yataka taarifa ya akaunti juu ya peislipi, nifanyeje?

Pwani_Tulivu: Asalaam aleikum wanajamvi. Niko Kisauni, karani wa kampuni ya klearing. Nimeomba mkopo wa laki nne ninunue tuktuk. Nimepeleka peislipi 3, sasa afisa ataka taarifa ya akaunti ya miezi 6. Kwani peislipi haitoshi? Silali.

BiMahamri: Waalaikum salaam. Mimi wakala wa nyumba hapa Tudor alinidai peislipi, nami nauza mahamri! Nikampa taarifa ya M-Pesa na kodi ya miezi 2. Akanyamaa.

Kijiweni: Bosi akupigie barua yenye muhuri. Hapo umemaliza.

Mzee_Leja: Hajamaliza. Barua yasema ameajiriwa na alipwa kiasi gani, haionyeshi makato. Akaunti ndiyo yaonyesha kilichoingia. Mwanangu, zalingana? Mtu hakosi usingizi kwa karatasi halali.

Pwani_Tulivu: Hazilingani. Mshahara ni 38,000, na sako yanikata 12,000 kila mwezi, pamoja na makato mengine nabaki na 19,490. Kijana wa saiba akafanya 38 iwe 58, na mkononi 39,490. Tarakimu tu, mzee. Deni nitalipa, tuktuk italeta pesa kila siku.

Kijiweni: 😂 Umejipandisha cheo saiba!

Mzee_Leja: Makato mengine aliyagusa?

Pwani_Tulivu: La. SHIF iko 1,045 vilevile.

Mzee_Leja: Basi imekushitaki yenyewe. SHIF ni asilimia 2.75 ya mshahara, na 1,045 ni ya 38,000. Ya 58,000 ingekuwa 1,595. Afisa aliona hilo, ndiyo maana ataka akaunti. Tena hukuwa na haja. Sheria ya Ajira ya 2007 yataka makato yote yasizidi theluthi mbili, kwa hivyo ni lazima ubaki na kama 12,670. Toa hiyo kwenye 19,490, una nafasi ya 6,800 hivi kwa mwezi. Kwa miaka 3, na riba ya 16, hiyo ni karibu laki na tisini. Ungeomba hiyo, ama ungemaliza sako kwanza.

Pwani_Tulivu: Laki na tisini hainunui tuktuk mpya. Na nishalipa arubuni.

Shubiri: Ngojeni. Mtu aliyekosa usingizi akumbuka SHIF hadi shilingi ya mwisho? Huyu ndiye kijana wa saiba! Aja hapa aambiwe wapi alikosea, kesho awauzie wengine zilizonyooka.

Kijiweni: Mzee umemfunza bure!

Pwani_Tulivu: Wallahi si mimi. Peislipi iko mbele yangu.

Mzee_Leja: Uwe nani, kughushi ni jela hadi miaka 3. Ukiwa mkweli, nenda kesho asubuhi uondoe ombi kabla hawajampigia mwajiri.

Pwani_Tulivu: Na wakiwa washampigia?

BiMahamri: Mzee, na sisi wa mahamri, theluthi yetu yahesabiwa wapi?