Wauzaji wa jumla wa alizeti, mtu akiuliza bei jibuni bei!

Wadau, nimechoka. Nina duka Majengo, hapa Dodoma. Nilimwandikia mkamuzi mmoja wa Singida: "Naomba bei ya jumla ya mafuta ya alizeti, madumu 30 ya lita 20, yafike Dodoma. Mnauza kuanzia mangapi, na malipo yakoje?" Jibu: "Karibu bosi, mzigo upo, bei maelewano, piga simu." Nikapiga, akasema 90,000 kwa dumu. Nikaahidi wateja. Siku ya kupakia ndiyo ananiambia hiyo 90,000 ni kuanzia madumu 50, unachukulia kiwandani, na hela yote itangulie! Si ndiyo niliyouliza tangu mwanzo? Leo wateja wananiona mimi ndiye tapeli.

Mkamuzi wa Manyoni: Mkuu, bei ya mafuta inafuata bei ya mbegu. Nikikuandikia leo, mbegu ikapanda kesho, utanishikia meseji yangu. Ndiyo maana hatuandiki.

Kizota Jumla: Kupanda inapanda, lakini dawa yake ni kuipa bei siku ya mwisho. Mimi swali kama hilo nalijibu hivi:

"Habari ndugu. Dumu la lita 20 ni 90,000 kuanzia madumu 50, kuchukulia kiwandani. Kwa madumu yako 30 ni 93,000, na usafiri hadi Dodoma ni 2,000 kwa dumu. Jumla 2,850,000. Utangulizi asilimia 30, yaani 855,000. Inayobaki unalipa mzigo ukishahesabiwa, kabla gari halijaondoka. Bei hii mwisho Alhamisi saa 10 jioni. Ukiafiki, nitumie jina la biashara nikuandalie profoma leo. Utangulizi ukiingia kabla ya muda huo, tunapakia Ijumaa."

Angalia hapo kwenye 30. Kataja idadi iliyo chini ya kiwango chako, basi mwambie papo hapo, na umpe bei ya hiyo idadi yake. Ukimtajia bei ya madumu 50 ukanyamaza, umemdanganya.

Mama Zabibu: Mimi nina zabibu Hombolo. Wanunuzi wanauliza "bei gani?" tu, hawasemi kreti ngapi. Na wao waambiwe!

Mleta uzi: Mama, mimi idadi niliitaja, soma tena. Kizota, jibu kama hilo ningelipata nisingeahidi mtu. Ila 855,000 kwa mtu sijawahi kumwona?

Kizota Jumla: Lipa kwenye akaunti yenye jina lilelile la kwenye profoma, siyo namba ya simu ya mtu. Hata hivyo wapo wanaokataa, wanakuja na hela yao wanahesabu madumu wenyewe. Siwalaumu.

Mkamuzi wa Manyoni: Mwisho wa bei nitaanza kuandika, hapo umenishinda. Lakini asilimia 30 hapana. Mbegu nanunua taslimu, chini ya nusu siwashi mashine.

Mleta uzi: Nusu sawa, mkuu. Iandike kwenye jibu la kwanza, mimi nitaamua.