Acheni kujibu maswali ya picha ambayo hamjayasoma!

Nimechoka. Kijana wa kidato cha sita kaweka hapa picha ya swali: asidi ya kloroasetiki, 0.10 M, Ka imetolewa, tafuta ukolezi wa ayoni za haidrojeni. Picha kapiga usiku, kivuli cha mkono kimeangukia palepale kwenye kipeo. Kinachosomeka ni 1.4 × 10, basi. Wajuaji wakarusha 1.18 × 10⁻³, wakapewa hongera. Kipeo cha −5 mmekitoa wapi? Mmezoea −5 ya Ka ya siki tu!

Jina la asidi limeandikwa! Klorini inavuta elektroni upande wake, ayoni inayobaki baada ya haidrojeni kutoka inatulia, ndiyo maana asidi hii ina Ka ya 1.4 × 10⁻³, karibu mara 80 ya asidi ya siki. Na ukisoma −5, kipeuo cha pili kinakupa tarakimu zilezile, 1.18, ila jibu limepungua mara kumi. Jicho halishtuki.

Kiberiti: Mkuu, punguza presha. Weka −3 basi. Ka mara 0.10 ni 1.4 × 10⁻⁴, kipeuo chake 1.18 × 10⁻². Njia ni ileile, kwisha.

Mwenye uzi: Haijaisha! Hiyo njia inadai asidi iliyovunjika ni kidogo mno, ipuuzwe. Wewe umepata 0.0118 kwenye 0.10, karibu asilimia 12. Hapo unapuuza nini? Andika x² = 0.0014(0.10 − x), upate x² + 0.0014x − 0.00014 = 0. Jibu chanya ni 0.01115, yaani 1.1 × 10⁻² M. Hakikisha mwenyewe: mraba wa 0.01115 gawanya kwa 0.08885, inarudi 0.0014. Ukiweka 0.0118 yako inatoka karibu 0.0016, na hiyo siyo Ka uliyopewa.

Mama Wawili: Jamani, na wangu naye alipewa amonia na 1.8 × 10⁻⁵, akapiga kipeuo hivyohivyo, akaambiwa kakosa. Ni ugonjwa huuhuu?

Mwenye uzi: Hapana dada. Amonia ni besi, hiyo namba ni Kb. Alichopata ni OH⁻. Agawanye 10⁻¹⁴ kwa hicho alichopata, ndipo apate H⁺.

Kiberiti: Sawa, kwenye hili la klorini nimekuelewa. Lakini sisi tulifundishwa ikiwa chini ya asilimia 5 ndiyo unapuuza, na mwalimu wetu wa mazoezi alikuwa anapitisha hata 10. Kijana akiandika 1.2 × 10⁻², utamnyima alama zote?

Mwenye uzi: Ya mlinganyo nampa. Ya jibu la mwisho simpi.

Kiberiti: Basi wewe usisahihishe ya mwanangu.