Tupeane uzoefu: maharusi wa fungate wakiomba chumba maalum, mnawajibuje?

MapokeziJambiani
Wenzangu wa mahoteli na nyumba za wageni, habari za kazi. Nina bwana na bibi harusi wanakuja kutoka Nairobi, Jumatatu hadi Jumamosi. Wameomba kile chumba walichokiona kwenye picha, kitanda kikubwa chenye maua, kuingia asubuhi wakitoka uwanja wa ndege, na chakula cha usiku mezani ufukweni siku ya Ijumaa. Wakubwa wangu wanataka nijibu "karibuni sana, yote yatakuwepo". Mimi nimeandika hivi, naomba mnikosoe kabla sijatuma:

"Hongereni kwa ndoa. Tumewawekea chumba cha ghorofani kinachotazama bahari. Kitanda ni kimoja kikubwa, si viwili vilivyosogezwa pamoja, na chandarua chake ni kizima. Hilo ni la uhakika.

Chumba kile cha kwenye picha kina mgeni anayetarajiwa kuondoka asubuhi ya siku mtakayofika. Akiondoka kama alivyopanga ni chenu, akiongeza siku mtapata cha jirani yake, ambacho ni sawa kwa kila kitu ila roshani yake ni fupi. Kwa sababu hiyo hatuwaahidi namba ya chumba.

Vyumba hufunguliwa saa nane mchana. Mkifika asubuhi tutawapokea, mtakunywa chai, mtaoga na mizigo itatunzwa, lakini chumba kuwa tayari mapema hatuwezi kukiahidi kwa kuwa usiku wa Jumapili kimeshachukuliwa.

Maua ya kitandani yatakuwa ya bustani yetu, na asmini tunaichuma jioni ileile. Mawaridi hutoka bara, kwa hiyo tutayaagiza lakini hatuyaahidi.

Chakula cha ufukweni tunawaomba kiwe Jumanne badala ya Ijumaa. Jumanne ni mwezi mpevu. Maji yatajaa kama saa kumi na nusu jioni, na ikifika saa mbili usiku yatakuwa yameshatelemka, mchanga upo. Ijumaa yatajaa karibu saa kumi na mbili na nusu, wakati wa kupanga meza, na hayatatuachia nafasi mbele ya ukuta. Mkipenda Ijumaa, meza itakuwa barazani. Mvua ikinyesha siku yoyote kati ya hizo, meza ni barazani pia, bila malipo ya ziada."

Je, nimesema mno?

KaulizaTu
Shilingi ngapi kwa usiku? Mimi naoa Desemba.

MapokeziJambiani
Ndugu yangu hapa sipigi debe, tunajadili barua. Hongera lakini.

BukingiPwani
Barua ni nzuri ila ndefu. Sisi tunaandika mstari mmoja tu: "maombi yote yanategemea upatikanaji". Ukishaandika hivyo hakuna mgeni wa kukudai kitu. Tena hiyo habari ya mwezi umeigeuza, mbalamwezi ikiwa kubwa maji hujaa usiku.

MtotoWaNahodha
Kaka, sehemu moja uko sawa, ya pili hapana. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, yaani maji yanajaa sana na kupwa sana. Lakini saa hazibadiliki ovyo. Kwetu Unguja siku ya mwezi mpevu maji hujaa alfajiri, halafu tena alasiri kama saa kumi hadi saa kumi na moja. Hupwa asubuhi kama saa nne au saa tano na tena usiku saa hizohizo. Kila siku saa husogea mbele dakika arobaini hadi hamsini. Ndiyo maana Ijumaa yake imeangukia magharibi. Na bamvua kubwa kabisa huja siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu, kwa hiyo Ijumaa maji bado yana nguvu.

Dada, hesabu yako sawa, ila Jumanne mchanga utakuwa bado una unyevu. Weka mbao chini ya miguu ya meza, la sivyo kiti cha bibi harusi kitazama.

Kuna kitu umekiacha, na ndicho maharusi hulalamikia zaidi kuliko chumba. Wiki hiyo asubuhi hawataogelea. Saa nne bahari imekwenda mbali, wanaona kina mama wanatembea kwenda kwenye mwani, wao wamekaa na taulo. Waambie mapema kuwa kuogelea ni kuanzia saa nane au saa tisa mchana. Wakitaka kuogelea karibu saa zote, huko ni Nungwi na Kendwa, na ukweli huo waujue kabla hawajalipa.

MapokeziJambiani
Hilo naliongeza leo leo. Wakubwa hawatafurahi kunisikia nikiitaja Nungwi.

HauskipaMstaafu
Hapo kwa BukingiPwani sikubaliani. "Inategemea upatikanaji" inaweza kukulinda wewe na karatasi zako, lakini mimi ndiye niliyekuwa nikifungua mlango na kumwona bibi harusi anatazama vitanda viwili vilivyounganishwa, katikati pana mfereji. Kitanda si kitu cha kutegemea chochote, kipo au hakipo, na mtu wa bukingi anajua tangu siku ya kwanza. Kinachotegemea ni mgeni aliye ndani na saa atakayotoka.

Kuhusu maua: msitandaze mawaridi mekundu mabichi juu ya shuka nyeupe. Yakilaliwa yanaacha madoa ambayo dobi hayatoi, na kuna hoteli zinamdai mgeni shuka hiyo. Yawekeni kwenye taulo au kando ya mito. Asmini nayo ichumeni jioni kama mlivyosema, kwani ikifika asubuhi imeshanyauka. Na waulizeni kwanza, wapo wasiostahimili harufu yake chumbani usiku.

MkeWaKibarua
Sisi fungate letu tulilifanyia nyumba ya wageni mjini, tukaombwa cheti cha ndoa mapokezi, saa tano usiku, mizigo mkononi. Cheti kilikuwa kwa mama. Hakuna aliyetuandikia kabla. Kama hoteli yenu inauliza, tafadhali barua iseme.

MapokeziJambiani
Pole dada. Sisi hatuulizi, ila naona sababu ya kulisema hata hivyo.

BukingiPwani
Nimekubali kwenye kitanda. Lakini kuingia mapema kuna njia ya uhakika mnaisahau: mgeni alipie usiku wa kabla. Kwako Jumapili imejaa, basi. Ingekuwa tupu ningemwandikia bei na kumwacha achague. Mambo ya kumwambia "tutajitahidi" yanazaa ugomvi saa moja asubuhi.

MtotoWaNahodha
Umesema kweli hapo.

HauskipaMstaafu
Na umeme? Una jenereta inayobeba viyoyozi, au taa na feni tu?

MapokeziJambiani
Taa, feni na maji. Viyoyozi hapana.

HauskipaMstaafu
Basi liandike. Mstari mmoja.

BukingiPwani
Ukiandika umeme, mwani, mvua na kiyoyozi, watahamia Diani.

MtotoWaNahodha
Diani nako maji yanakupwa, hawatakimbia mbali.

MapokeziJambiani
Nimeongeza saa za kuogelea na jenereta, nimepunguza maneno kwenye maua. Mkubwa wangu anataka nifute ile sentensi ya roshani fupi. Anasema mgeni akifika hatapima roshani. Mngeiacha?