Nimeshaacha kazi, barua ya ajira ninayo, na siku ya 52 bado naambiwa "wanahakiki taarifa zako"

Dada_Nkuhungu:
Wadau, nina hasira na sijui nimlilie nani.

Tarehe 2 Juni nilipewa barua ya ajira na shirika moja hapa Dodoma, nafasi ya afisa manunuzi. Barua ina masharti: ajira itathibitishwa baada ya vyeti kuhakikiwa na waajiri wangu wa nyuma kuulizwa habari zangu. Tarehe 4 nikasaini, na siku hiyohiyo nikajaza fomu ya ridhaa ya kampuni ya Dar iliyopewa kazi ya kuhakiki. Tarehe 6 nikampa mwajiri wangu notisi ya siku 28, maana barua ilisema naanza tarehe 14 Julai. Tarehe 4 Julai nikakabidhi funguo, kompyuta na mafaili, nikaagwa kwa soda.

Tarehe 14 nimeamka saa kumi na moja, nimepanda daladala, saa mbili kasoro niko mapokezi. Dada wa mapokezi akapiga simu ghorofani, akasikiliza, akaniambia bila kuniangalia: "Jina lako bado halijaletwa, watakupigia." Nikatoka nje na bahasha yangu ya vyeti, upepo wa Julai unanipiga vumbi la uso, nguo niliyoishonesha kwa ajili ya siku hiyo. Nimesimama pale kama dakika ishirini kwa sababu sikujua niende wapi.

Tangu siku hiyo nimepiga simu mara tisa. Jibu ni moja: "Vuta subira dada, wanahakiki." Nani anahakiki? Amemuuliza nani? Amekosa nini? Hakuna anayesema. Kodi yangu inaisha tarehe 31 na mwenye nyumba anataka ya miezi 3. Mshahara sina, wa zamani wala mpya. Watu wanaandika tarehe ya kuanza kazi kwenye barua yenye muhuri, mtu anaacha kazi kwa kuiamini tarehe hiyo, halafu wanaishi kama hawakuiandika!

Nifuatilieje? Nikipiga sana naogopa wataniona msumbufu, nikinyamaza nasahaulika.

Nzuguni_B:
Pole sana dada. Ila wewe unajisumbua bure kubembeleza. Barua umesaini na wao wamesaini, huo ni mkataba. Nenda CMA, ile tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ukafungue mgogoro, una siku 30 tu tangu tarehe 14 Julai. Wakipata hati ya kuitwa watakupigia wenyewe.

KijanaWaManyoni:
Hata mimi yananikuta. Nilifanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, nimefaulu, nikaambiwa niko kanzidata. Mwezi wa saba sasa. Kila siku naingia kwenye akaunti naangalia. Hawa watu hawana huruma.

Dada_Nkuhungu:
Pole mdogo wangu, lakini ya kwako ni tofauti. Wewe umefaulu, unasubiri nafasi itokee. Mimi nafasi ipo, barua ipo, na kazi nimeacha.

Mzabibu:
Mbukwenyi. Nimekaa kwenye rasilimali watu miaka 11, miwili kati ya hiyo nilikuwa kwenye kampuni za kuhakiki, upande wa wanaotuma maswali. Dada, naomba ujibu mambo matatu kabla hujaenda popote.

Moja, kwenye fomu ya ridhaa kuna mahali wanauliza kama wanaruhusiwa kuwasiliana na mwajiri wako wa sasa. Ulitiki nini?

Pili, wadhamini na waajiri uliowaandika, anwani za barua pepe bado zinafanya kazi?

Tatu, soma barua yako ya ajira mpaka mwisho, ukurasa wa nyuma pia. Kuna muda wa masharti kutimizwa?

Naambatisha na sababu. "Wanahakiki" mara nyingi haina maana kwamba kuna mtu anafanya kazi kwenye faili lako. Ina maana faili limesimama mahali, na aliyekujibu simu hajui limesimama wapi. Kampuni ikituma swali kwa mwajiri wa zamani na asijibu, inakumbusha mara mbili au tatu, kisha inaandika "hakuna majibu" na kuendelea na mafaili mengine. Ukimuuliza mtu wa ofisini "vipi, bado?" atakujibu "bado", na hajakudanganya.

Dada_Nkuhungu:
Mzabibu, nimefungua fomu (niliipiga picha kabla ya kuituma). Mwajiri wa sasa nilitiki HAPANA. Tarehe 4 Juni nilikuwa sijatoa notisi, niliogopa bosi asijue kabla sijamwambia mwenyewe. Niliandika "mpaka nitakapotoa taarifa".

Anwani: mwajiri wa kwanza ulikuwa mradi wenye ofisi Area C, nilifanya kazi 2018 hadi 2020, mradi ukaisha na ofisi ikafungwa. Niliweka barua pepe ya ofisi ya mradi, ndiyo niliyokuwa nayo.

Barua: ukurasa wa pili, chini kabisa, "ofa hii itakoma endapo masharti hayatatimizwa ndani ya siku 60 tangu tarehe ya barua hii". Sikuwa nimeipa uzito. Mikono inatetemeka hapa.

Mzabibu:
Tulia, una siku nane. Siku ya 60 ni tarehe 1 Agosti.

Sasa unaona faili lilipokwama, na ni sehemu mbili. Mwajiri uliyeachana naye Julai hawajamgusa kwa sababu wewe mwenyewe uliwakataza, na ulikuwa na haki ya kuwakataza wakati ule. Lakini hakuna aliyeambiwa kwamba katazo limekwisha. Kampuni inasubiri neno lako, shirika linasubiri kampuni, wewe unasubiri shirika. Hili nimeliona mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na nakubali kosa kubwa ni la kampuni: walipaswa kukuuliza wiki ya kwanza ya Julai.

Sehemu ya pili ni mradi uliofungwa. Pale hakuna wa kujibu na hatatokea, hata wakisubiri mwaka. Usiwape anwani nyingine ya kubahatisha, wape ushahidi. Nenda NSSF uchukue taarifa ya michango yako. Inaonyesha jina la mwajiri na mwezi kwa mwezi alivyokuchangia, na si wewe uliyeiandika, kwa hiyo wahakiki wanaiheshimu. Ongeza mkataba na hati mbili tatu za mshahara za wakati ule. Na kama unamjua aliyekuwa msimamizi wako, wape jina lake na namba yake ya sasa, ukimwomba ruhusa kwanza.

Angalia lakini: NSSF haionyeshi cheo chako wala sababu ya kuondoka. Na kama mwajiri alichelewesha michango kutakuwa na miezi mitupu. Iangalie kabla ya kuituma, ukikuta pengo lieleze mwenyewe kwa sentensi moja. Pengo wakiliona wao kwanza wanaandika "tarehe hazilingani" na hapo unaanza upya.

Nzuguni_B:
Mzabibu unamfundisha kuwa mpole kwa watu waliomnyima kazi. CMA ipo kwa ajili ya nini?

Mzabibu:
Mkuu, hajanyimwa bado. Siku 30 unazosema ni za anayelalamikia kuachishwa kazi, na hawa watajibu kwamba hawajamwachisha, sharti halijatimia. Kama barua iliyosainiwa yenye masharti inamfanya awe mfanyakazi tayari, wanasheria watavutana, na mimi si mwanasheria. Siku nane hazitoshi kumaliza mvutano huo. Zinatosha kuipatia kampuni ruhusa na nyaraka. Ila barua asizitupe, na kama wakifuta ofa aende na karatasi zote kwa mwanasheria au CMA siku hiyohiyo, asingoje.

Makulu_Mwl:
Dada, usisahau cheti cha utumishi kutoka kwa huyo wa Julai. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mwajiri anatakiwa kukupa ajira inapokoma. Wengi hawatoi mpaka uombe. Mimi nilikaa nacho droo miaka bila kujua kwamba hicho ndicho kingeniokoa.

Mzabibu:
Sahihi kabisa Mwalimu. Dada, kiombe leo kwa maandishi.

Kisha uandike barua pepe moja, siyo simu. Ipeleke kwa afisa rasilimali watu aliyekutumia ofa, nakala kwa kampuni ya uhakiki, na uijibu juu ya ileile barua pepe yao ya ofa ili historia yote ionekane. Kitu kama hiki:

"Ofa yangu ni ya tarehe 2 Juni na muda wa masharti unaisha tarehe 1 Agosti. Kwenye fomu ya ridhaa nilizuia mawasiliano na mwajiri wangu wa sasa. Niliacha kazi kwake tarehe 4 Julai, na sasa ninaruhusu muwasiliane naye. Mradi nilioufanyia kazi 2018 hadi 2020 umefungwa, nimeambatisha taarifa ya NSSF, mkataba na hati za mshahara badala yake. Naomba kujua ni kipengele gani bado hakijakamilika, na naomba muda wa ofa usogezwe kwa maandishi pamoja na tarehe mpya ya kuanza."

Usiandike kuhusu kodi wala hasira, ingawa una haki nayo. Mtu anayesoma anatakiwa aone kitu cha kufanya ndani ya dakika moja. Halafu piga simu mara moja kesho yake mchana, useme tu: "nimetuma jana, naomba kuthibitisha mmeipata." Kama hakuna jibu siku tatu za kazi, jibu juu ya barua pepe ileile na umwongeze meneja aliyekusaili.

KijanaWaManyoni:
Na kama mwajiri wa zamani akiamua kusema vibaya?

Mzabibu:
Hilo linatokea, lakini wengi wanathibitisha tarehe na cheo tu. Ukihisi umesemwa vibaya, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuomba taarifa zako walizonazo. Omba kwa maandishi. Nisiwadanganye, kuna kampuni zinajibu haraka na kuna nyingine zinazungusha.

Dada_Nkuhungu:
Mrejesho, tarehe 28 Julai.

Barua pepe niliituma tarehe 24 saa kumi jioni, nikiwa na mkataba na hati za mshahara tu. NSSF nilienda kesho yake asubuhi. Miezi miwili ya mwanzo ya 2018 ni mitupu kweli, nikatuma taarifa yao juu ya ileile na kueleza kwamba mradi ulianza kuchangia mwezi wa tatu. Mchana nikapiga simu kama ulivyosema. Safari hii aliyepokea alifungua barua yangu tukiwa tunaongea, nikasikia anaisoma kwa sauti ya chini.

Leo kampuni ya uhakiki imenijibu yenyewe, mara ya kwanza tangu Juni. Wanasema walikuwa wanasubiri ruhusa yangu "tangu tarehe 9 Juni". Tarehe 9 Juni! Siku 49 na hakuna aliyenitumia hata mstari mmoja. Mwajiri wa Julai ameshajaza fomu yao, na cheti cha utumishi naambiwa nikachukue keshokutwa. Kuhusu mradi wamepokea NSSF lakini wanataka pia kuongea na msimamizi wa zamani. Yuko Singida, amekubali, wanampigia kesho.

Shirika limeandika kwamba ofa imesogezwa mpaka 15 Agosti. Tarehe ya kuanza hawajaitaja, nimewauliza tena juu ya barua pepe ileile. Mwenye nyumba nimemwonyesha barua ya kusogezwa, amekubali ya mwezi mmoja.