Nimewasha maandishi kwenye kikao cha Zoom, mwenzetu hakuona kitu

Mratibu_wa_Timu
Wakuu, naomba msaada. Kazini tuna dada mwenye usikivu hafifu, anavaa mashine ya sikio. Jumatatu niliwasha maandishi ya moja kwa moja kwenye Zoom, nikayaona yakipita chini ya kioo, nikaendesha kikao saa nzima nikiamini anafuatilia. Mwisho akaniandikia kwamba hakuona hata mstari mmoja. Nimeumia sana. Nimekosea wapi? Tena anaomba abaki na maandishi ayasome baadaye.

FundiSauti
Uliwasha ya kwako tu, mkuu. Kila mshiriki huwasha ya kwake. Kazi yako wewe mwenyeji ni kufungua ruhusa kabla ya kikao: ingia zoom.us, Settings, kisha Meeting, In Meeting (Advanced), washa Automated captions. Kikao kikianza, yeye abonyeze Show Captions. Kioo kikiwa kidogo, kitufe hicho hujificha ndani ya More. Hapohapo hakikisheni lugha iliyochaguliwa ndiyo mnayozungumza. Isipolingana, mtaona maneno halisi kabisa yasiyo na maana yoyote, na mtadhani tatizo ni mtandao.

Kipanga22
Mbona mnajisumbua? Rekodi kikao, maandishi utayapata baadaye.

FundiSauti
Hayo humfikia kikao kikiwa kimeisha. Swali likiulizwa dakika ya kumi, atalijibu vipi? Kwa kusoma baadaye, afungue View full transcript, na kama umeruhusu kuhifadhi, abonyeze Save transcript kabla hajatoka.

Msikivu_wa_Macho
Mimi mwenyewe sisikii vizuri. Kinachonitesa zaidi ni watu sita kuzunguka kompyuta moja. Aliye mbali na maiki maneno yake hayaandikwi, na yanayoandikwa yote hubeba jina la mwenye kompyuta, kwa hiyo sijui nani kakubali na nani kakataa. Wawili wakiongea kwa pamoja, sentensi zao husukwa kuwa moja. Mwombe kila mtu aingie kwa kifaa chake, na kamera ziwashwe, maana nasoma midomo pia. Majina na tarehe ziandikwe kwenye chati.

Mratibu_wa_Timu
Leo tumejaribu dakika tano kabla ya kikao, yametokea kwake. Ila jina la mteja liliandikwa kwa namna tatu tofauti, ikabidi nilitume kwenye chati. Sasa wenzetu wawili hawataki maneno yao yahifadhiwe.

FundiSauti
Kusoma papo kwa papo na kuhifadhi ni ruhusa mbili tofauti. Unaweza kuzima kuhifadhi, yeye akaendelea kusoma.

Msikivu_wa_Macho
Ukizima, mwenzetu atakosa alichoomba. Nikisoma maandishi siwezi kuandika dondoo wakati huohuo, macho ni haya mawili. Kabla hujaamua, muulize kama dondoo za mtu mwingine zitamtosha. Mimi hazinitoshi.