Mrejesho: fleksibo ya koki ya sinki la kunawia

Swali langu lilikuwa: "Mkia wa koki mpya una upana wa milimita 21 kwenye meno. Ninunue fleksibo ya nusu inchi au ya robo tatu?"

Wakuu, ni nusu inchi, na imeingia vizuri. Jina hilo linatokana na tundu la bomba la zamani, si upana wa meno kwa nje. Meno ya nusu inchi hupimwa karibu milimita 21, ya robo tatu yanafika 26 na kitu.

Aliyeniambia nipime pia engo valvu, Mungu akubariki. Upande unaoingia ukutani ni nusu inchi, lakini mdomo wa kutolea maji umesoma kama milimita 16.5, yaani 3/8. Kwa hiyo nimechukua fleksibo yenye nusu inchi juu na 3/8 chini, sentimita 40. Ya 30 ilifika, ila ingekaa imevutika, na fleksibo iliyovutika huchoka mapema shingoni.

Tepe nyeupe nimezungusha kwenye meno ya valvu yanayoingia ukutani tu. Nati za fleksibo zina washa ya mpira ndani, ndiyo inayozuia maji. Nimekaza kwa mkono hadi mwisho, kisha spana kidogo, kama robo mzunguko. Ukizidisha, mpira unakatika.

Nikafungua valvu taratibu na kuzungushia tishu kavu kila kiungo. Asubuhi zilikuwa kavu zote.