Naomba ushauri: mtoto mmoja kwenye mti wa binari, inoda naiandikaje?

Wakuu, habari za jioni. Nasoma kompyuta hapa Moshi, wiki hii tuna kwizi ya miundo ya data. Swali la mazoezi linanisumbua: mzizi ni M, kushoto K, kulia T. K ana mtoto mmoja tu, L, na mchoro umemshusha wima, haujulikani upande.

Prioda haibadiliki, M K L T. Postoda vilevile, L K T M. Kasheshe ni inoda: L akiwa kushoto napata L K M T, akiwa kulia K L M T.

Mwenzangu wa geto anasema L lazima awe kulia kwa kuwa anafuata K kialfabeti. Mimi naona hiyo ni kwa mti wa kutafutia tu, na swali halijasema hivyo. Nikiandika zote mbili na sababu, msahihishaji atanikata?